Sisi watu wa Kasika tudai nini: kesi, tume ya ukweli au msamaha?

*"Metre, mimi ninaishi Kadutu lakini familia yetu ni ya Kasika. Agosti 1998 tulipoteza babu, baba mdogo na watoto wake watatu. Kila mara wakubwa wakikaa kuongea amani, tunasikia msamaha, au tume ya ukweli, au mahakama. Kanisani wengine wanasema tusamehe ili vita iishe. Sisi tudai kitu gani, na tuanzie wapi?"*

Ndugu yangu, pole sana kwa watu wenu. Msichague kimoja na kuacha viwili. Ila kama kuna cha kutanguliza, kiwe kesi, hata ikiwa moja tu na hata ikichelewa. Tume ya ukweli isiyo na mahakama nyuma yake haipati mtu wa kusema, na msamaha unaotolewa kabla ya ukweli hauna bei yoyote kwa anayeupokea. Haya mambo yamekwisha kujaribiwa, kwetu na kwa wengine, na matokeo yake yanajulikana.

Nianze na msamaha, maana ndio unaowatia hofu. Watu wengi hapa Bukavu wanaamini kwamba waliofanya ya Kasika walikwisha kusamehewa na sheria. Hapana. Sheria ya msamaha ya tarehe 19 Desemba 2005 ilihusu vitendo vya vita na makosa ya kisiasa yaliyofanyika kati ya tarehe 20 Agosti 1996 na tarehe 30 Juni 2003. Tarehe 24 Agosti 1998, siku ya mauaji ya Kasika, imo ndani ya kipindi hicho, ni kweli. Lakini sheria hiyohiyo inasema haigusi uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu wala mauaji ya kimbari. Sasa angalia yaliyotokea kwenu. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inaeleza kwamba baada ya wapiganaji wa Maimai kuwavizia na kuwaua maofisa wa jeshi njiani, askari wa kundi la waasi la RCD pamoja na wa jeshi la Rwanda waliwaua raia zaidi ya elfu moja katika vijiji vya Kilungutwe, Kalama na Kasika huko Mwenga, wakiwemo watu waliokuwa parokiani, pamoja na mwami na mke wake nyumbani kwao. Kumuua mtoto parokiani kwa sababu ya risasi iliyopigwa na mwingine njiani siyo kitendo cha vita kwa sheria yoyote. Kwa hiyo mlango wenu haukufungwa, na uhalifu wa aina hii hauishi kwa kupita miaka.

Ila kuna tofauti kubwa kati ya mlango usiofungwa na mlango ambao mtu anaupitia. Sheria ikisema "wasamehewe wote isipokuwa waliofanya uhalifu mkubwa," lazima awepo mtu wa kuchambua nani yuko upande gani. Kwetu huyo mtu hakuwepo. Tazama msamaha wa tarehe 11 Februari 2014, uliofuata mazungumzo na waasi wa M23. Aliyetaka kunufaika alitia saini karatasi akiahidi kutorudia, kisha jina lake likaingia kwenye orodha ya wizara. Karatasi haikumwomba aseme alifanya nini, wapi, kwa amri ya nani. Uhalifu mkubwa uliondolewa kwa maandishi, lakini hakuna aliyeulizwa swali ambalo lingeuonyesha. Ndiyo maana mtu wa Kivu anaona kana kwamba wote wamesamehewa, na kwa maisha ya kila siku yuko sahihi.

Afrika Kusini walifanya kinyume, na hapo ndipo penye somo lote, kwa hiyo vumilia nikae hapo kidogo.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, ile iliyoongozwa na Askofu Desmond Tutu kuanzia mwaka 1996, haikusamehe kundi wala jeshi. Ilisamehe kitendo kimoja cha mtu mmoja. Polisi aliyetaka msamaha aliandika ombi lililotaja tendo lenyewe: tarehe, mahali, aliyeuawa, aliyetoa amri. Kama tendo lilikuwa kubwa, kama mauaji au mateso, alisimama hadharani mbele ya kamati iliyokuwa na majaji. Familia ya marehemu ilipewa taarifa, ikaja na wakili wake, na wakili akamhoji. Akionekana anaficha, au tendo halikuwa na lengo la kisiasa, ombi lilikataliwa na alibaki mtu wa kushitakiwa. Maombi yalizidi 7,000, na mengi yake yalikataliwa. Polisi watano waliohusika na kifo cha Steve Biko walikataliwa mwaka 1999.

Lakini mtu mwenye damu mikononi anakuja kwa nini kusema mbele ya kamera? Wengi husema ni kwa sababu ya Tutu na moyo wa kusamehe. Mimi nadhani sababu kubwa ilikuwa kesi. Oktoba 1996 Eugene de Kock, mkuu wa kikosi cha siri cha polisi, alihukumiwa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake. Mahakamani aliwataja wakubwa wake. Polisi wengine wakaona kamba inakaribia shingo zao, wakaandika maombi ya msamaha. Mwezi uleule, aliyekuwa waziri wa ulinzi, Magnus Malan, pamoja na maofisa wa jeshi waliachiliwa katika kesi ya mauaji ya KwaMakhutha. Matokeo? Polisi walikuja kwa wingi, wanajeshi walikuja wachache sana. Nchi moja, tume moja, sheria moja. Kilichowatofautisha ni kwamba kundi moja liliogopa mahakama na lingine halikuiogopa.

Na pale mahakama iliposinzia, ahadi yote ilivunjika. Tume iliikabidhi ofisi ya waendesha mashitaka faili zipatazo 300 za watu ambao hawakuomba msamaha au walikataliwa. Karibu zote zililala. Mwaka 2025 Rais Ramaphosa alilazimika kuunda tume nyingine ichunguze nani alizizuia. Familia ziliambiwa: atakayesema atasamehewa, atakayeficha atashitakiwa. Nusu ya kwanza ilitimizwa. Nusu ya pili wanaidai hadi leo, na wazazi wengi wamekufa wakidai.

Sasa rudi kwetu. Sisi tulikuwa na tume ya ukweli, na ajabu ni kwamba vijana wengi hawajui. Ilizaliwa na makubaliano ya Pretoria na Sun City ya mwaka 2002 na 2003, na sheria yake ikatoka tarehe 30 Julai 2004. Mwenyekiti wake alitoka hapahapa Kivu Kusini, Askofu Jean-Luc Kuye Ndondo, mtu wa kanisa na wa jamii ya kiraia. Simlaumu yeye. Ubaya ulikuwa kwenye muundo. Makundi yaliyopigana yalipeleka watu wao wakae ndani ya tume, ikiwemo RCD ambayo askari wake ndio walipita Kasika. RCD hiyohiyo ilikuwa na makamu wa rais Kinshasa. Tume ikapewa kuchunguza kila kitu tangu uhuru mwaka 1960, ndani ya miaka michache, huku vita ikiendelea. Bukavu yenyewe ilipiganiwa tangu Mei 2004 na kutekwa Juni, tume ikiwa bado inatafuta kusimama. Haikufanya kikao hata kimoja cha kuwasikiliza wahanga hadharani. Ikajishughulisha na kupatanisha wakubwa hapa na pale, ikafunga kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2006.

Hata kama wajumbe wangekuwa malaika, nani angekuja kuiambia ukweli? Hakuna kamanda wa miaka ile aliyekuwa na hofu ya mahakama yoyote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Hague haiwezi kugusa yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Julai 2002, kwa hiyo Kasika iko nje yake kabisa. Mahakama zetu za kijeshi hazikuthubutu kuwaita watu ambao wakati huo walikuwa majenerali na mawaziri. Anayejua kwamba hatashitakiwa hana sababu ya kununua msamaha kwa ukweli.

Hao wanaowaambia kanisani msamehe ili vita iishe, msiwagombeze. Kusamehe moyoni ni haki yenu, na hakuna mwanasheria wa kuwapangia. Ila msamaha wa serikali ni kitu kingine, na hauleti amani kwa kuwa tu umetolewa. Sierra Leone walijaribu kwa nguvu zote. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 ulimsamehe kila mpiganaji bila sharti, na kiongozi wa waasi, Foday Sankoh, akapewa cheo sawa na cha makamu wa rais pamoja na uenyekiti wa tume ya madini. Mei 2000, hata mwaka haujaisha, wapiganaji wake waliwakamata mamia ya askari wa Umoja wa Mataifa. Sisi tumesamehe kwa sheria mwaka 2003, 2005, 2009 na 2014. Hesabu wewe mwenyewe vita vilivyofuata.

Basi kesi. Je, inawezekana hapa? Inawezekana, na mmoja wa mifano bora uko kilomita thelathini hivi kutoka Bukavu, Kavumu. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao arobaini walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao, wakabakwa. Kwa muda mrefu kila faili lilishughulikiwa peke yake, kama tukio la jirani mbaya, na kila faili lilikufa. Mambo yaligeuka pale wachunguzi walipoyaweka mafaili pamoja na kuona namna moja: watu haohao, njia ileile ya kuingia, na imani ileile kwamba damu ya mtoto wa kike inamkinga mpiganaji na risasi. Nyuma yake palikuwa na kundi lenye silaha chini ya mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Hapo kosa likaacha kuwa ubakaji wa mtu na mtu, likawa uhalifu dhidi ya binadamu.

Mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu yenyewe Novemba 2017. Watoto hawakuletwa mbele ya washitakiwa. Walikuwa wamehojiwa na kurekodiwa kwa video, na madaktari wa hospitali ya Panzi walieleza majeraha. Mashahidi wengine walifunikwa mwili mzima, nyuma ya pazia, sauti zao zikibadilishwa kwa mashine. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka uliofuata rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo. Kitu cha kushika hapa ni kwamba kesi ilishinda kwa sababu ilionyesha kundi, kiongozi wake na mpango wake.

Linganisha na Minova. Novemba 2012 askari wa serikali waliokimbia Goma walibaka wanawake wengi sana pale. Askari 39 walishitakiwa Goma, na hukumu ikatoka Mei 2014: wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Wanawake walisema kweli, na mahakama haikukataa kwamba walibakwa. Lakini ilikuwa usiku, hawakuweza kusema ni nani kwa jina, na upande wa mashitaka haukujenga daraja kati ya askari aliyebaka na kamanda aliyekuwa na wajibu wa kumzuia. Maofisa wakubwa wakatoka. Kesi kama ya Kasika, ambako askari walikuwa wageni na mashahidi walikuwa wanakimbia, itaangukia palepale ikiwa faili lina majina ya marehemu peke yake.

Na msitegemee fedha haraka. Mahakama zetu huandika fidia: Kavumu ilikuwa dola 5,000 kwa kila mtoto aliyebakwa, lakini washitakiwa hawana kitu, na pale mahakama inapoiamuru serikali kulipa, hukumu hukaa mezani. Sheria ya Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa fidia unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Hiyo ni njia tofauti na kesi. Mtu anaweza kutambuliwa kama mhanga hata kama aliyemtendea hajulikani. Fuateni zote mbili, moja isiwafanye muache nyingine.

Najua mtaniuliza: mahakama ipi, wakati tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, jela kuu ya Bukavu ikaachwa tupu, na mashahidi wa kesi za zamani wanaishi wakiangalia nyuma? Kweli, leo hakuna pa kupeleka faili hapa mjini. Ila hii ndiyo kazi ya sasa: faili liwe tayari siku mahakama itakaporudi, iwe ya kijeshi, iwe mahakama ya rufaa ya kiraia ambayo tangu mwaka 2013 ina mamlaka juu ya uhalifu huu, au iwe chemba maalumu yenye majaji wa kwetu na wa nje kama Ripoti ya Mapping ilivyopendekeza.

Anzeni na wazee walioona, kwa sababu miaka imekwenda na wanapungua. Kila mmoja asimulie peke yake, si katika mkutano wa familia. Watu wakisimulia pamoja, baada ya saa moja wote wanakuwa na habari moja, na wakili wa upande wa pili ataivunja kwa dakika tano. Andikeni tofauti kati ya "niliona" na "niliambiwa." Yote mawili yana faida, lakini yakichanganywa yanaharibu yote. Kwa marehemu: jina kamili, umri, alikutwa wapi, nani alimzika na wapi. Kisha lile ambalo familia husahau: askari walikuja kutoka upande gani, saa ngapi, waliongea lugha gani, nani alikuwa na redio ya kuitana, nani alikuwa anatii nani, walilala wapi usiku wa kabla na usiku wa baada. Mama aliyekumbuka kwamba mmoja alisubiri jibu kwenye redio kabla ya kuanza ameleta kitu kizito kuliko picha kumi za makaburi, kwa maana redio ina mtu upande wa pili.

Msichimbe makaburi, hata kwa nia ya kuzika upya kwa heshima. Mifupa ikichanganywa, hata mtaalamu hawezi tena kusema nani aliuawa kwa risasi na nani kwa panga. Wekeni alama, pigeni picha, acheni. Nakala moja ya maandishi ikae nje ya Bukavu, kwa ndugu mnayemwamini. Msimpe mtu yeyote karatasi za asili, hata akija na gari lenye nembo. Na shahidi akishahojiwa vizuri mara moja na kurekodiwa, mlindeni na wahoji wengine. Nimeona mashahidi waliohojiwa na mashirika mengi mpaka kila toleo linatofautiana kidogo na lingine, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazotumika kuwaita waongo.

Mjue pia kwamba mafaili ya timu ya Mapping yana majina ya wanaoshukiwa. Hayakuchapishwa, yanatunzwa kwa siri na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa Geneva. Familia haiwezi kuyaomba, lakini mwendesha mashitaka au chemba maalumu inaweza. Kwa hiyo chama cha wahanga wa Mwenga kikiandika barua, kidai chombo chenye uwezo wa kuyapokea, badala ya kuomba majina yasomwe redioni.

Mwisho, kuhusu mazungumzo yenyewe. Mkataba kati ya serikali na AFC/M23 uliosainiwa Doha tarehe 15 Novemba 2025 una itifaki moja ya haki, ukweli na maridhiano, na ni kati ya zile zilizoachwa kujadiliwa baadaye. Andiko litakapotoka, msisome utangulizi, una maneno matamu siku zote. Tafuteni sehemu ya msamaha na muulize maswali manne: anasamehewa mtu au kundi? Je, lazima aandike alichofanya kabla ya kusamehewa? Nani anakaa kuchambua, na je, wahanga watapewa taarifa na nafasi ya kupinga? Na anayekataliwa, faili lake linaenda kwa mwendesha mashitaka gani, kwa jina la ofisi na kwa tarehe? Kisha tafuteni sehemu ya tume: kama waliotia saini ndio wanaoteua wajumbe, mwandikieni mbunge wenu, maaskofu na jamii ya kiraia kabla sheria haijapigiwa kura, kwa sababu mwaka 2004 tulipokuja kulalamika viti vilikuwa vimekwisha kugawanywa.

Mkishaandika maelezo ya wazee wawili au watatu, yaleteni niyasome. Nitawaonyesha palipo na pengo kabla hamjaendelea na wengine.